Dada amepewa fomu ya ridhaa ya tiba ya mshtuko wa umeme, sehemu ya kumbukumbu inanitatiza

Mdogo_Mtu
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kusoma karatasi.

Dada yangu ana sonona ya muda mrefu. Setralini alipandishiwa dozi na kukaa nayo zaidi ya miezi miwili, haikufua dafu. Akahamishiwa venlafaksini, yaleyale. Kisha wakaongezea lithiamu, akapata nafuu kidogo, halafu akarudi palepale. Hasikii sauti wala hana imani za ajabu. Chakula anagusa kidogo, maji anakunywa, ila kutoka kitandani ni kazi. Daktari bingwa ameshauri tiba ya mshtuko wa umeme na kumpa fomu ya kurasa mbili akaisome nyumbani. Akisoma mistari mitatu anasema hajui alichosoma, ndiyo maana nimeichukua mimi.

Sababu za kupewa tiba nimezielewa. Nusukaputi nimeelewa nusu. Ila kuhusu kumbukumbu kuna sentensi moja tu: "Mgonjwa anaweza kupoteza kumbukumbu kwa muda." Chini yake: "Elektrodi zitawekwa kadiri daktari atakavyoona inafaa." Halafu nafasi ya sahihi. Dada ni mwalimu wa hesabu, na anachoogopa kuliko umeme wenyewe ni kusimama mbele ya darasa kichwa kikiwa kitupu. "Kwa muda" ni muda gani? Na anayesaini ni mimi au yeye?

Kitasa
Pole mkuu. Usihofu. Binamu yangu alifanyiwa, akawa hakumbuki hata alichokula asubuhi, lakini kama wiki mbili baada ya kumaliza kichwa kikakaa sawa. Kila kitu kinarudi. Wanaosema hakirudi wameangalia filamu nyingi. Asaini tu, asichelewe.

Nesi_wa_Zamu
Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha tiba hii. Kitasa kasema kweli kwa jambo moja kati ya matatu, na fomu ya dada yako imeyachanganya yote matatu kwenye sentensi moja.

La kwanza ni kuchanganyikiwa anapozinduka. Hajui yuko wapi wala leo ni siku gani. Hilo huisha kwa dakika kadhaa, wengine hadi saa moja hivi. La pili ni kushindwa kushika mambo mapya katika wiki za tiba: unamwambia jambo asubuhi, jioni analiuliza tena. Hilo ndilo la binamu yake Kitasa, na kwa kawaida hutengemaa ndani ya wiki chache baada ya tiba ya mwisho. La tatu ni mashimo kwenye mambo ya nyuma, hasa ya wiki na miezi iliyozunguka tiba. Baadhi hurudi, baadhi hayarudi kabisa. Fomu inayosema "kwa muda" bila kutaja hilo la tatu haijamwambia mgonjwa kila kitu.

Kinachopotea zaidi ni matukio ya maisha yake, si ujuzi. Hesabu anazozifundisha miaka yote haziko kwenye hatari ileile kama safari aliyoenda miezi miwili kabla ya tiba. Lakini akiwa katikati ya tiba asiende darasani, wala asiendeshe gari.

Na ile sentensi ya elektrodi ndiyo ya kuibana, kwa sababu inaamua sehemu kubwa ya hayo mashimo. Elektrodi zikiwekwa panja zote mbili, tiba hufanya kazi haraka lakini kumbukumbu huumia zaidi. Zikiwekwa upande wa kulia tu, moja panja ya kulia na nyingine karibu na utosi, kumbukumbu hupona vizuri zaidi. Ila upande wa kulia unataka umeme wa kutosha. Siku ya kwanza tunapima kiasi kidogo kabisa kinacholeta degedege kwa mtu huyo, maana kila kichwa kina chake. Kwa panja zote mbili hutumika kama mara moja na nusu ya kiasi hicho. Kwa upande wa kulia, kama mara sita. Ukisikia mtu anasema "upande wa kulia hausaidii", uliza kwanza alipewa kiasi gani.

Kuhusu sahihi: kama dada anaelewa anachoelezwa na anaweza kuamua, anasaini yeye. Kusoma kwa shida si sawa na kutoweza kuamua. Msomee kipande kipande, siku mbili tatu, halafu akuelezee kwa maneno yake. Na akisaini, bado anaweza kusema basi wakati wowote, hata katikati ya tiba.

MamaPacha
Samahani naingilia. Mwanangu ana kifafa na dawa hazimshiki vizuri. Hii tiba watoto nao wanapewa?

Nesi_wa_Zamu
MamaPacha, tiba hii yenyewe inaleta degedege kwa makusudi, mtu akiwa usingizini. Si tiba ya kifafa. Mrudishe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kama dawa mbili zimeshindwa aangaliwe upya.

Fundi_Saa
Mdogo_Mtu, mimi nilipitia. Nitakueleza ya kwangu, uchukue la kukufaa.

Nilianza upande wa kulia. Nusu ya kwanza ya tiba sikuona tofauti, nikahamishiwa panja zote mbili. Hapo ndipo nilipoanza kuamka na njaa, njaa ya kweli, ya kutaka kuongezewa. Mke wangu aliona mabadiliko kabla yangu: alisema nimeanza kubishana tena.

Kilichopotea: harusi ya mdogo wangu, iliyofungwa mwezi mmoja kabla ya tiba. Kuna video nimeshika kipaza sauti, natoa nasaha, watu wanacheka. Naitazama kama ya jirani. Haijarudi na nimeacha kuisubiri. Nywila ya simu pia ilipotea, na hakuna mwingine aliyekuwa anaijua. Lakini siku niliyorudi kwenye meza yangu na kufungua saa ya kwanza, mkono ulijua springi inaingilia wapi.

Kinyongo changu ni kimoja. Walipohama kutoka kulia kwenda pande zote mbili hakuna aliyeniuliza. Waliniambia nilishasaini. Huenda ningekubali vilevile, maana nilikuwa vibaya, ila ningependa kuulizwa.

Nesi_wa_Zamu
Fundi_Saa, ulistahili kuulizwa. Kubadilisha mkao wa elektrodi kunabadilisha hatari, na ridhaa ilitolewa kwa hatari ya mwanzo.

Jicho_la_Tatu
Mbona hakuna anayezungumzia njia mbadala? Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa Marekani uliolinganisha ketamini ya mshipani na mshtuko wa umeme kwa watu wenye sonona sugu. Waliopata nafuu kwa ketamini walikuwa asilimia 55, kwa umeme 41. Na kumbukumbu ya wa ketamini ilikuwa salama zaidi. Kwa nini dada wa watu akachomwe umeme?

Nesi_wa_Zamu
Namba zako ni sahihi, lakini angalia waliokuwamo. Wenye sonona iliyoambatana na kusikia sauti au imani potofu waliachwa nje, na hao ndio wanaoitikia umeme vizuri kuliko wote. Wengi walikuwa wanatibiwa wakitokea nyumbani. Matibabu yenyewe yalikuwa ya wiki tatu, na wa umeme wengi walianza na upande wa kulia wenye mapigo mafupi sana ya umeme, ambao huchelewa. Hata hivyo dada wa Mdogo_Mtu anafanana na hao waliochunguzwa: hasikii sauti, hajagoma kula. Kwa hiyo swali la ketamini ni halali na lilipaswa kuwa kwenye fomu. Angekuwa amekataa maji, au amekaa kama gogo haongei, nisingemwambia asubiri kitu kingine.

Kuna pia tiba ya sumaku, haihitaji nusukaputi wala haigusi kumbukumbu. Ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita, na sonona ikiwa kali sana nguvu yake ni ndogo.

Jicho_la_Tatu
Sawa, ila bado nasema umeme uwe wa mwisho. Kumbukumbu ya mtu ni maisha yake.

Fundi_Saa
Na kitanda nacho kilikuwa kinayala maisha yangu, ndugu yangu.

Mdogo_Mtu
Nawashukuru. Nesi, naomba unimalizie nusukaputi. Fomu inauliza "kuna ndugu aliyepata tatizo na dawa ya usingizi?" Na usiku dada anameza diazepamu. Hilo nalo lina shida?

Nesi_wa_Zamu
Swali la ndugu usilijibu kwa kukisia, waulize wazee. Anapewa dawa ya usingizi, kisha dawa ya kulegeza misuli ili mwili usirushwe. Kuna familia ambazo mwili wao huchelewa sana kuiondoa hiyo ya misuli, mtu akabaki hawezi kupumua mwenyewe kwa muda mrefu. Kuna nyingine ambazo joto la mwili hupanda kwa hatari. Mtaalamu wa usingizi akijua mapema anachagua dawa nyingine.

Siku yenyewe asile kwa muda wa saa sita kabla ya tiba, maji matupu anaweza kunywa hadi zibaki saa mbili. Usingizi ni kama dakika tano hadi kumi. Kabla ya dawa ya misuli tunafunga kitambaa cha presha kwenye kifundo cha mguu na kukijaza hewa, dawa isifike kwenye unyayo. Mwili mzima unatulia, unyayo ule unachezacheza, ndivyo tunavyoona degedege limetokea, pamoja na mashine ya mawimbi ya ubongo. Mara nyingi ni sekunde 20 hadi 60. Akiamka anaweza kuumwa kichwa na misuli kama aliyebeba mizigo.

Diazepamu inazuia degedege, kwa hiyo italazimu kuongeza umeme, na umeme mwingi ni mashimo zaidi. Lithiamu nayo inaweza kumfanya aamke amechanganyikiwa zaidi. Zote mbili zitajwe, ila asiache ghafla peke yake.

Uliza pia kama watapima muda anaochukua, kila akizinduka, hadi ataje jina lake, mahali alipo na siku. Muda huo ukizidi kurefuka ni dalili kwamba kumbukumbu za nyuma zinaumia, na wanaweza kupunguza tiba za wiki au kubadilisha mapigo.

Mdogo_Mtu
Tumerudi kutoka kwa daktari. Dada alisema anasaini mwenyewe, ila kwanza aliomba ile sentensi ya elektrodi ikatwe. Daktari akaandika kwa mkono: upande wa kulia, na akihitaji kubadilisha atamuuliza upya. Diazepamu wataipunguza taratibu. Ketamini hawana. Dada aliuliza ni miezi ipi hasa itapotea, daktari akasema hawezi kumwambia. Hajasaini bado. Ameanza kuandika daftari: nywila, madeni, wanafunzi wa mwaka huu na tabia zao.

Nesi_wa_Zamu
Hilo la miezi hakuna anayeweza kumjibu. Mmeuliza ya baada ya tiba? Tiba sita hadi kumi na mbili zinamnyanyua, hazimshikilii. Utafiti mmoja wa 2001 uliwafuata waliopona: waliopewa vidonge visivyo na dawa, zaidi ya 8 kati ya 10 walirudi kuumwa ndani ya miezi sita. Waliopewa notriptilini pamoja na lithiamu, kama 4 kati ya 10. Fomu nyingi zinaishia kwenye tiba ya mwisho.

Mdogo_Mtu
Hiyo hatukuuliza, na kwenye karatasi haipo. Nimempa simu asome, amesema ataiuliza yeye kabla ya kuweka sahihi.

Kitasa
Nimemuuliza binamu. Kumbe kuna msiba wa mwaka ule mpaka leo haukumbuki.