Kikundi cha familia: usemi halisi na usemi wa taarifa

Mama Subira: Hamjambo nyote. Subira amerudi na zoezi lina mkasi. Sentensi ni hii: “Nitakuletea kitabu chako hapa kesho,” Asha alimwambia Juma. Aliambiwa aiandike katika usemi wa taarifa. Ameandika: *Asha alimwambia Juma kwamba atakuletea kitabu chake hapa siku iliyofuata.* Kosa liko wapi? Mimi naona kesho ameigeuza vizuri.

Idi: Si wangeandika tu “Kitabu kitaletwa na Asha”? Yakaisha.

Shangazi: Hapana Idi, hiyo ni kauli ya kutendwa, zoezi jingine kabisa. Hapa tunataka mtu wa tatu atuambie Asha alisema nini.

Mjomba: Nafsi tu ndiyo ya kubadilisha. “Ni” inakuwa “a”, “ku” inakuwa “m”. Atamletea. Basi.

Shangazi: Nafsi umepatia, kaka, lakini hujamaliza. Mama Subira, mwambie achukue sentensi ya Asha na kupigia mstari kila kitu kinachotegemea nani anasema, yuko wapi na ni lini. Atapata ni-, -ta-, -ku-, chako, hapa, kesho. Ni sehemu sita, na kila moja aiulize upya. Yeye amegeuza tatu tu: ni-, chako na kesho.

Mama Subira: Hiyo -ku- hata mimi sikuiona.

Shangazi: Imejificha katikati ya kitenzi, ndiyo maana watoto wengi huiruka. Akiacha “atakuletea”, anayesoma atadhani yeye ndiye anayeletewa kitabu! Halafu -ta- iwe -nge-, kwa sababu “alimwambia” imekwisha kupita. Hapa iwe pale. Mimi ningeandika: *Asha alimwambia Juma kwamba angempelekea kitabu chake pale siku iliyofuata.*

Mama Subira: Mbona “letea” imekuwa “pelekea”?

Shangazi: Kuleta ni kuja na kitu pale alipo msemaji. Anayetoa taarifa hayupo tena mahali pale, kwa hiyo kitabu kwake kinapelekwa. Walimu wengine hukubali “angemletea”, wala sigombani nao, lakini “angemletea hapa” hapana.

Mjomba: Mimi hiyo -nge- hainiingii. “Angempelekea” nikiisikia nangoja “lakini hakumpelekea”. Watu husema kila siku “alisema atakuja” na tunaelewana.

Shangazi: Katika mazungumzo ni Kiswahili safi, sikatai. Hata kwenye maandishi, kitenzi cha kutambulisha kikiwa cha sasa, -ta- inabaki: *Asha anasema kwamba atampelekea.* Ila zoezi limesema “alimwambia”, na sheria ya darasani ni -nge-.

Mjomba: Ya darasani nakubali. Masikio yangu bado.

Baba Mdogo: Sisi kwenye kumbukumbu za kikao tunaandika “Mwenyekiti alisema michango itakusanywa kesho”. Nayo ni kosa?

Shangazi: Hilo “kesho” ndilo baya kuliko -ta-. Anayefungua daftari baada ya mwezi atahesabu kesho ya siku anayosoma. Andika “siku iliyofuata”, au bora zaidi tarehe yenyewe. Kinyume chake, kama Asha amesema asubuhi nawe unatoa taarifa jioni hiyo hiyo, kesho bado ni kesho: *Amesema atakileta kesho.* Ukiandika siku iliyofuata hapo utawachanganya watu.

Baba Mdogo: Sawa shemeji, nitaweka tarehe.

Mama Subira: Kuna nyingine: “Nimechoka leo,” Juma alisema. Yeye kaandika *Juma alisema kwamba alichoka siku hiyo.*

Shangazi: Siku hiyo ni sahihi. “Alichoka” inakata maana, kwa sababu Juma alipokuwa anasema, uchovu bado alikuwa nao. Iwe *alikuwa amechoka*. Na kama angesema “Ninasoma”, ingekuwa *alikuwa anasoma* au *alikuwa akisoma*.

Idi: Na “nilisoma jana”?

Shangazi: Jana inakuwa siku iliyotangulia, hapo hakuna ubishi. Kitenzi ndicho chenye ubishi: wapo wanaobakiza “alisoma” na wapo wanaotaka “alikuwa amesoma”. Subira afuate mwalimu wake alivyofundisha.

Mjomba: Sasa rudini kwa kitabu. Chake, cha nani? Asha au Juma? Kule mwanzo “chako” ilionyesha wazi kwamba ni cha Juma.

Shangazi: Swali zuri hilo. Asha na Juma wote sasa ni nafsi ya tatu, hivyo “chake” inaweza kuangukia kokote. Aandike *kitabu chake Juma*.

Mama Subira: Na mwalimu akisema ameongeza neno lisilokuwepo?

Shangazi: Juma yumo kwenye sentensi tangu mwanzo, hajaongeza mtu. Ila kuna wasahihishaji wanaotaka “chake” peke yake. Amuulize kabla ya kuandika upya.