IPv6 ofisini Mombasa: kuendesha zote mbili sambamba au kupitia handaki?

WakalaKilindini: Assalaam aleikum. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha inataka kuanza kutumia IPv6. Mtoa huduma wetu hana IPv6, ila ametupa anwani moja ya umma ya IPv4. Mwingine anatoa zote mbili sambamba, lakini itabidi tubadilishe laini. Je, handaki litatosha?

MkaziNyali: Hameni. IPv4 ina biti 32 tu, yaani anwani zisizofika bilioni 4.3, na hazina kuu ya IANA ilikwisha Februari 2011. Mkiendesha zote mbili, hamtahitaji tena anwani za IPv4.

FundiRuta: Historia ni sahihi, ndugu yangu, hitimisho sivyo. Kifaa kinachoendesha zote mbili bado kinahitaji anwani ya IPv4, angalau ya ndani nyuma ya NAT, maadamu kuna tovuti zisizofikika kwa IPv6. Tena utakuwa na kanuni mbili za ukuta-moto, na aghalabu zinazosahauliwa ni za IPv6.

Handaki nalo hubeba pakiti ya IPv6 ndani ya pakiti ya IPv4, ambayo kichwa chake hula baiti 20, hivyo 1500 hubaki 1480. Ruta za IPv6 hazikati pakiti njiani. Humrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 kwamba pakiti imezidi. Ukuta-moto ukiuzuia ujumbe huo, kurasa ndogo zitafunguka vizuri huku hati nzito za forodha zikikwama bila kosa lolote kuonekana. Pimeni hivi, mkiweka anwani ya seva iliyo nje:

```
ping -6 -M do -s 1432 2001:db8::1
ping -6 -M do -s 1452 2001:db8::1
```

Ya kwanza ikijibiwa na ya pili ikanyamaza kimya, ugonjwa ndio huo. Ruta itangaze MTU ya 1480 kwa kompyuta za ofisini.

BintiChangamwe: Dukani kwangu natumia modemu ya laini ya simu, na handaki halikuwaka kabisa. Ruta inaonyesha anwani inayoanza na 100.72. Hata anwani yenyewe, `2001:db8::a4::17`, ilikataliwa.

FundiRuta: Hayo ni mambo mawili, dada. Anwani hiyo ya 100.72 mnagawana wateja wengi, na handaki la aina hii kwa kawaida halipenyi hapo. Ama ya pili, anwani yako kamili ni hii:

```
2001:0db8:0000:0000:00a4:0000:0000:0017
```

Sufuri za mbele ya kila kundi huondolewa, lakini `::` hutumika mara moja tu. Ikiwa mbili, ruta haiwezi kujua kati ya makundi manne ya sufuri ni mangapi yakae wapi. Mifululizo ikilingana urefu, hufupishwa wa kwanza: `2001:db8::a4:0:0:17`.

MkaziNyali: Basi kwa Wakala, anayo anwani ya umma, handaki linafaa?

FundiRuta: Kwa majaribio, ndiyo. Kwa kazi ya kila siku ningehama, kwa sababu kila pakiti italazimika kuzungukia seva ya handaki, hata ikiwa iko Ulaya.

WakalaKilindini: Huyo mtoa huduma mpya hajasema kama anwani zake za IPv6 zitabaki zilezile ruta ikizimwa na kuwashwa. Kuna aliyewahi kumbana mtoa huduma wake aliandike hilo kwenye mkataba?