HARUSI YA LULU, ANTWERP (kundi la ukoo)

Jumatano

[19:02] Shangazi Zuhura: Assalamu alaikum wote. Nasema kwa mara ya tatu. Gari la viti tisa linatakiwa lilipiwe kabla ya Ijumaa. Kwenye kundi tuko 31, waliotuma hela ni wanne. WANNE.

[19:03] Shangazi Zuhura: Tena tuamue tunalichukulia wapi. Sisi wa Dar tunatua Schiphol, Amsterdam. Idi yuko Duisburg, Ujerumani. Wakwe wako Antwerp, Ubelgiji. Nani anakwenda kaunta kuongea?

[19:20] Shangazi Zuhura: Naona mmesoma. Alama za buluu ninaziona.

[19:31] Baraka: Shangazi niachieni mimi. Kijerumani nimesoma miezi minane, na Kiholanzi ni Kijerumani kilekile kimepinda mdomo tu. Ukijua kimoja umevijua vyote.

[19:32] Mjomba Kombo: Kama Kiswahili cha Zuhura tangu ahamie Dar 😂

[19:33] Shangazi Zuhura: Kombo, hela yako iko wapi?

[19:48] Baraka: Halafu nimeangalia picha za Amsterdam, kila kona kibao kimeandikwa FIETSEN TE HUUR. Kwa Kijerumani Hure ni kahaba. Kwa hiyo pale panafanyika mambo. Tusipite na Bibi mitaa hiyo.

[19:49] Mjomba Kombo: Fietsen ndiyo jina lake huyo dada?

[20:15] Idi Duisburg: Nimeegesha lori sasa hivi, ndo nasoma. Baraka, fietsen ni baiskeli. Baiskeli za kukodi. Hakuna kahaba hapo.

[20:16] Baraka: Lakini Hure ni kahaba, sijakosea.

[20:19] Idi Duisburg: Kwa Mjerumani hujakosea. Kwa Mholanzi huren ni kukodi tu, iwe nyumba, gari, baiskeli, mpaka suti ya harusi. Halina undugu na kahaba. Kahaba wao wanamwandika hoer, na huyo ndiye ndugu wa Hure wa Wajerumani. Yaani yanayofanana sura si ndugu, walio ndugu hawafanani.

[20:21] Idi Duisburg: Mimi lilinipata. Nilianza kazi Venlo, upande wa Uholanzi, Kiholanzi ndicho nilichokishika kwanza. Siku moja nikavuka mpaka mpaka Emmerich kuchukua gari la kuhamia. Nikamwambia mama wa kaunta "ich möchte ein Auto huren". Nilidhani nimeongea Kijerumani safi. Aliniangalia, akaangalia foleni nyuma yangu, akaniambia polepole "mieten". Nikarudia "ja, huren". Akarudia "MIETEN". Nyuma mtu akakohoa.

[20:22] Hamisi: 😂😂😂 ukaenda kukodi ukajikuta unafanya ukahaba na gari

[20:22] Mjomba Kombo: Gari gani kwanza? Kama ni dizeli hata mimi

[20:24] Shangazi Zuhura: Kuna watoto humu jamani. Idi, jibu swali. Kaunta anakwenda nani?

[20:25] Baraka: Basi nitasema mieten kotekote, yaishe.

[20:29] Idi Duisburg: Uholanzi watakuelewa kwa sababu wengi wanasikia Kijerumani, ila ndo utakuwa umemsalimia Mkenya kwa Kiganda. Tatizo si hilo. Tatizo ni sisi tunavyosoma. Baraka, isome huur kwa sauti, kama ulivyofundishwa darasa la kwanza.

[20:30] Baraka: Huuur. Kama "huu" ukiongeza r.

[20:33] Idi Duisburg: Hapo umeshasema kahaba kwa Kiholanzi. Herufi zao oe ndizo zinazotamkwa kama u yetu, kwa hiyo hoer inatoka "hur" ya Kiswahili kabisa. Lakini uu yao si u yetu. Sema "i", ulimi usiuondoe pale ulipo, halafu kaza midomo kama unapiga mluzi. Ndiyo sauti yenyewe. Mswahili akisoma kibao cha "auto te huur" kwa sauti, Mholanzi anasikia gari na kahaba.

[20:34] Mama Aisha: Mie nimejaribu hapa jikoni mume wangu kaja kuuliza nani kanipulizia jicho

[20:36] Idi Duisburg: Dawa yake ni kulikwepa neno zima. Gari si tunaweka mtandaoni? Ukifika Schiphol nenda kwa wakodisha magari, Kiholanzi ni autoverhuur, kaunta sema "ik heb een auto gereserveerd", nimeshaweka nafasi ya gari. Huur hujaitaja. Ukichukulia Düsseldorf, Kijerumani chake ni Autovermietung, nako unasema "ich habe ein Auto reserviert". Na mwenye leseni ya kawaida mwisho wake ni viti tisa, dereva akiwemo. Msije mkaniongezea Kombo mlangoni.

[20:37] Mjomba Kombo: Mimi nakaa na mabegi. Dagaa wanaruhusiwa?

[20:52] Shangazi Zuhura: Kwa hiyo ni Schiphol au Düsseldorf?

[21:10] Idi Duisburg: Kabla sijalala, na lingine, watu wazima tu. Mjerumani akikuona unahangaika na begi atakuuliza "kommst du klar?", unamudu? Swali la heshima kabisa. Usilipeleke Uholanzi wala Ubelgiji. Klaarkomen kule ni ile hatua ya mwisho ya mambo ya mume na mke. Mwenzangu Mjerumani alimuuliza karani wa kike bandarini Rotterdam, amebeba makaratasi, "kom je klaar?" Ghala zima lilisimama. Karani akamjibu "hapa hapa?"

[21:11] Hamisi: NIMEKUFA

[21:12] Baraka: Kwa hiyo klaar ni tusi.

[21:14] Idi Duisburg: Hapana. Klaar peke yake ni tayari. "Ben je klaar?" ni umemaliza, hata mhudumu wa hoteli anakuuliza na sahani mkononi. Matata yanaanza ukiiunganisha na komen. Ukitaka kuuliza unamudu, sema "lukt het?" Fupi, na haina mitego.

[21:15] Mama Aisha: Idi na Aisha je? Ana miaka minne, akibanwa na haja kubwa aseme nini mbele ya wakwe

[21:16] Idi Duisburg: "Ik moet poepen." Soma pu-pen. Watoto wote wa Uholanzi wanasema hivyo, si tusi.

[21:17] Mama Aisha: Ahsante naanza kumfundisha usiku huuhuu

[21:40] Shangazi Zuhura: Schiphol au Düsseldorf???

Alhamisi

[07:12] Salma Antwerp: Jamani nilikuwa zamu ya usiku. MAMA AISHA USIMFUNDISHE.

[07:13] Mama Aisha: Ameshashika. Ameamka nalo

[07:18] Salma Antwerp: Idi ni sahihi mpaka mpaka wa Uholanzi unapoishia. Huku Antwerp ni Kiholanzi hichohicho ila poepen ni kufanya mapenzi, tena kwa lugha ya mtaani. Na poep kwetu ni matako. Mama mkwe wa Lulu atamwambia Aisha akae "op je poep", akae kitako, ni mapenzi tu ya bibi na mjukuu. Mholanzi akisikia anaelewa akae juu ya mavi.

[07:19] Idi Duisburg: Lo. Miaka yote hii napakua mizigo Antwerp sijui.

[07:20] Salma Antwerp: Kwenye mizigo nani atakutajia? Mtoto wa miaka minne watamwelewa, televisheni za Uholanzi wanazitazama, watacheka kidogo basi. Ila mtu mzima asimame kwenye meza ya wakwe aseme anakwenda kupoepen, jamani. Huku mtoto anasema "kaka doen".

[07:21] Hamisi: Kaka??

[07:22] Salma Antwerp: Ndiyo. Kaka ni kinyesi. Wajerumani nao, Wafaransa nao, Wahispania wote hao hao.

[07:23] Hamisi: KAKA JUMA 😂😂😂😂😂

[07:23] Mjomba Kombo: Ukumbi mzima, bi harusi anaita "Kakaaa! Kaka Juma njoo kwenye picha!"

[07:24] Hamisi: Mshereheshaji: sasa tunamkaribisha kaka wa bi harusi

[07:26] Shangazi Zuhura: Hili si la kucheka. Mbele ya wakwe hakuna kuita kaka. Nimeshaamua. Juma ataitwa Juma, au Bwana Juma. Waandike hivyo kwenye ratiba. Hatuwezi kuaibika ugenini.

[07:58] Nuru (kwa niaba ya Bibi): Bibi nimemsomea yote. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze neno.

[08:06] Nuru (kwa niaba ya Bibi): "Zuhura mwanangu. Kwetu Mombasa mvua hunya. Mamangu alisema mvua yanya, na mimi nasema mvua yanya. Nyinyi wa bara ndio mumeipeleka chooni mukaanza kusema inanyesha. Harusi ya Morogoro nilitoka barazani nikawaambia wakwe ingieni ndani, mvua yanya. Wakwe walinyamaza kwa adabu zao. Aliyecheka wa kwanza alikuwa wewe. Sijakwambia mpaka leo.

[08:07] Nuru (kwa niaba ya Bibi): "Juma ni kaka. Lulu alimwita kaka kabla hajajua kutaja jina lake mwenyewe. Ataitwa kaka Antwerp. Salma awaeleze wakwe mapema maana yake, wakicheka wacheke siku ya kwanza. Na gari asilikodi mtu aliyelijua neno jana."

[08:07] *(kimya)*

[08:41] Mama Aisha: Ameen Bibi

[09:15] Salma Antwerp: Nimekusikia Bibi. Nitamwambia mama mkwe Jumapili.

[09:50] Shangazi Zuhura: Mama nisamehe. Nilikuwa mjinga. Nitakupigia jioni.

[09:51] Shangazi Zuhura: Idi basi ni wewe. Utashuka Schiphol kutupokea?

[10:05] Idi Duisburg: Naweza. Ila leseni ni yangu, kadi ya benki ya kuzuia amana inatakiwa iwe kwa jina la dereva, na yangu haina kiwango hicho. Mtume hela kwanza.

[10:06] Baraka: Mimi nilishaweka nafasi Düsseldorf jana usiku. Nilijua mtanichagua.

[10:07] Shangazi Zuhura: Baraka!!

[10:07] Baraka: Inafutika bure mpaka kesho saa sita. Nadhani. Imeandikwa Kijerumani.

[10:09] Idi Duisburg: Nitumie picha ya hayo maandishi. Yote, mpaka chini.

[10:30] Mjomba Kombo: Kuhusu dagaa hamjanijibu

[10:31] Salma Antwerp: Uliza forodha. Na ukiwa kaunta Antwerp wewe Kombo sema Kiingereza tu.

[11:47] Mama Aisha: Aisha kamwambia mwalimu wake wa chekechea. Kwa bahati mwalimu ni wa Singida

[12:20] Shangazi Zuhura: Waliotuma sasa ni sita.

[17:33] Juma: Nimetoka kazini sasa hivi. Mbona jina langu limejaa humu? Nani ananiita, na gari la nani?