UKOO WA PONGWE: Bibi na ugoro

06:41 Mwanahawa: Asalaam aleikum ukoo. Jana nilikuwa kwa Bibi. Ndani ya mdomo wa chini, kushoto, pale pale anapoweka ugoro, pana baka jeupe lenye mikunjo na katikati pana wekundu. Anasema hapaumi. Nataka Alhamisi apelekwe hospitali ya Bombo. Natafuta gari, mtu wa kumsindikiza, na elfu kumi kila nyumba. Jibuni leo.

06:42 Mwanahawa: [Picha]

07:30 Mwanahawa: Wameshasoma watu kumi na saba. Kimya.

07:58 Shemeji Tito: Kama hapaumi, Bombo anakwenda kutalii? 😂

08:03 Mwanahawa: Tito, leo sina mzaha.

08:10 Juma: Da Mwana, tusitishane. Ugoro hauna moshi. Kinachoua ni sigara. Bibi kabwia tangu hatujazaliwa na hata kukohoa hakohoi.

08:26 Zuhura Tabibu Meno: Juma, kwa mapafu umesema kweli. Ila saratani ya ugoro haianzii huko, inaanzia pale ugoro wenyewe unapolala mdomoni. Sumu yake haihitaji moto. Inajitengeneza ndani ya jani lenyewe wakati linakaushwa na kuvundikwa, nikotini inapogeuka kuwa kitu kingine. Ukiuweka mdomoni, mate yanaiyeyusha na ngozi laini ya pale inaloa kutwa nzima. Yale mate mtu akiyameza, umio na kongosho navyo vinapata sehemu yao. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliangalia hili mwaka 2004 wakaiweka tumbaku isiyo na moshi kundi moja na sigara, kundi la vinavyosababisha saratani bila shaka.

08:31 Mjomba Rajabu: Tatizo ni magadi. Wazee wetu walisaga tumbaku tupu. Siku hizi wanatia magadi kama wanapika maharage. Bibi abadilishe muuzaji tu.

08:39 Zuhura Tabibu Meno: Shikamoo Mjomba. Magadi yana sehemu yake. Ndiyo yanayoifungua nikotini ipenye haraka, na ndiyo maana ugoro mkali unamkolea mtu upesi na kumfanya autake tena. Pia yanababua ngozi. Lakini ukiyatoa, ile sumu ya kwenye jani inabaki vile vile, na mtu huongeza kipimo ili apate makali aliyozoea.

08:44 Athumani: Nami nina swali. Situmii ugoro, natumia kuberi tu. Fizi ya juu inawasha, nimepaka jivi. Inatosha?

08:52 Zuhura Tabibu Meno: Athumani, kuberi ni tumbaku, hata ikiuzwa kama majani ya chai au kiburudisha kinywa. Acha kupaka jivi. Rangi ile ya zambarau inaficha wekundu, na wekundu ndio tunaoutafuta. Njoo Jumatatu bila kupaka kitu.

08:53 Shemeji Tito: Athumani meno ya zambarau, atapendeza harusini 😂😂

09:15 Mwanahawa: Turudi kwa Bibi. Zuhura, picha inasemaje?

09:34 Zuhura Tabibu Meno: Kwa picha siwezi kusema ni saratani au si saratani. Taa ya simu inafanya kila kitu kiwe cheupe. Niseme ninavyoangalia. Kwanza nafuta baka kwa kitambaa safi cha pamba. Likitoka, mara nyingi ni fangasi au mabaki ya chakula. Lisipotoka, naangalia rangi. Ngozi nyeupe yenye mikunjo, bila kitu kingine, wabwiaji wengi wanayo, na mtu akiacha kabisa kuweka ugoro pale mara nyingi inafifia ndani ya wiki chache. Kwa baka kama hilo tunaweza kumwambia aache, arudi baada ya wiki mbili. Lakini mwenye wekundu katikati ya weupe hatumpi hizo wiki mbili. Da Mwana, ulipitisha kidole? Pagumu? Na meno ya pale yako imara?

09:41 Mwanahawa: Kingo ngumu. Jino moja linacheza. Nilidhani uzee.

09:47 Zuhura Tabibu Meno: Jino moja kucheza pale pale penye baka, na mengine imara, sipeleki kwenye uzee. Mpapase chini ya taya na shingoni pande zote mbili kama kuna tezi gumu. Muulize pia kama mdomo una ganzi. Na hilo la kutouma lisitupoze. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu wanakuja imeshafika kwenye mfupa.

10:20 Juma: Wakimkata kipande si ndiyo itasambaa? Nimesikia ikiguswa na chuma inakasirika.

10:33 Zuhura Tabibu Meno: Haisambai kwa kukatwa kipande. Anachomwa ganzi, kinachukuliwa kidogo kutoka pembeni, penye ugonjwa na penye uzima pamoja, kinatiwa kwenye fomalini na kupelekwa kupimwa. Wanaosambaziwa ni wale wanaokaa nyumbani. Ale kabla ya kwenda, anywe dawa zake za presha kama kawaida. Kama kuna dawa ya kuyeyusha damu aseme mapema. Na msiondoke bila kuuliza sampuli inapelekwa maabara gani na nani anafuatilia majibu. Hapo ndipo wengi wanapotea.

11:02 Anti Pili: Nimeamka sasa. Elfu kumi tena? Zile za paa la Bibi ziliishia wapi?

11:04 Mwanahawa: Pili, risiti nilituma humu humu.

11:05 Anti Pili: Risiti ya mabati ishirini. Paa lina kumi na sita. Nimeyahesabu.

11:06 Mwanahawa: Manne yako kwenye choo! Nenda ukahesabu na choo!

11:07 Shemeji Tito: Choo chenye bati jipya, Bibi aweke na kibao 😂

11:30 Mjomba Rajabu: Kwa sasa atafune tambuu badala ya ugoro, asiteseke.

11:41 Zuhura Tabibu Meno: Mjomba, hapana. Popoo ya kwenye tambuu peke yake, hata bila tumbaku, inaleta saratani ya kinywa. Tena inakaza mashavu. Mtu mzima anafungua mdomo zikapita ncha za vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama. Watafunaji wa popoo wengine hata viwili havipiti, na ukakamavu ule haurudi hata wakiacha.

12:18 Babu Mdogo: Nimesoma yote. Dada yangu ana akili zake na miguu yake. Mmeshapanga siku, gari na kisu, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba amemuuliza. Hapandi gari mpaka akubali mwenyewe. Zuhura, kesho baada ya alasiri uje umweleze kama ulivyoeleza humu, nami nitakaa hapo. Kopo la ugoro msimnyang'anye. Habari ya mabati isitajwe tena.

12:19 Juma: Sawa Babu.

12:19 Anti Pili: Ndiyo Babu. Samahani.

12:24 Mwanahawa: Tumesikia Babu.

12:40 Zuhura Tabibu Meno: Nitakuja Babu. Kuhusu kopo sitamnyang'anya. Nitamwomba asiweke tena upande wa kushoto, lakini sitamdanganya kwamba kulia ni salama. Akikubali kuacha, siku tatu za mwanzo atakuwa mkali na hatalala vizuri, kisha inapungua wiki hadi wiki. Asiachwe peke yake siku hizo.

13:15 Mwanahawa: Basi akikubali kesho, Alhamisi iko pale pale. Zimeingia nyumba tatu. Hamisi, naona umesoma tangu asubuhi. Gari?

16:52 Hamisi: Nilikuwa kazini. Gari lipo ila Alhamisi lina mzigo wa Muheza asubuhi. Ijumaa je?

16:55 Mwanahawa: Ijumaa wanawahi kufunga kwa ajili ya swala. Mzigo gani huo?

17:40 Athumani: Zuhura, Jumatatu saa ngapi? Na kuberi ya leo nimalizie?