Naomba ushauri: kichwa cha slaidi kidai mpaka wapi?

Habari zenu wakuu. Nipo Masasi, naandaa slaidi za kuwaonyesha viongozi wa AMCOS yetu kabla ya msimu wa korosho. Slaidi ya nne niliipa kichwa "Ubora wa Korosho". Dada ninayefanya naye kazi akaniuliza, "Sasa huo ubora umefanyaje?" Nikagundua nimetaja mada tu, sijasema neno.

Nikabadilisha: "Korosho zetu zimeshuka daraja kwa sababu wakulima hawazianiki vya kutosha." Hapo hata aliyekaa nyuma anaelewa kabla sijafungua mdomo. Ila nikitazama grafu iliyo chini yake, inaonyesha tu kwamba mizigo ya daraja la pili iliongezeka wiki zile za mvua. Habari ya kuanika haimo kabisa. Kichwa kimeuzidi ushahidi, na wakulima watakuwepo ukumbini. Nitakuwa nimewatupia lawama bure.

Sasa nina njia mbili. Nipunguze dai liwe "Korosho za daraja la pili ziliongezeka wiki za mvua", ambalo grafu inalibeba lote. Au nibaki na la kuanika, lakini grafu niibadilishe niweke vipimo vya unyevu, mzigo kwa mzigo. Shida, vipimo ninavyo vya mizigo michache.

Naogopa dai dogo litawaacha watu wakiuliza "kwa hiyo?" Wenye uzoefu, mngechagua lipi? Na sentensi ikifika mistari mitatu, mnakata wapi?