Kikundi cha Familia ya Pangani: mchango wa deni la Hamisi

[19:42] Dada Mwanaidi: Assalaam alaykum wote. Baadhi yenu mmepokea ujumbe kutoka namba msizozijua ukisema kwamba Hamisi ni tapeli na kwamba ninyi ndio wadhamini wake. Hakuna aliyemdhamini. Alikopa kwa simu, na kesho kabla ya saa sita usiku anadaiwa shilingi 100,000. Tupo watu kumi humu, kwa hiyo kila mmoja atume 10,000 kwenye namba yangu kabla ya saa tatu asubuhi.

[19:58] Dada Mwanaidi: Naona alama za kusomwa ni nane, lakini majibu sioni.

[20:03] Binamu Juma: Mimi nilipoitwa mdhamini nilifurahi, maana tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniamini kiasi hicho.

[20:05] Dada Mwanaidi: Juma, si wakati wake.

[20:11] Kaka Bakari: Kabla hatujatoa chochote, naomba Hamisi atuambie jambo moja. Usitutajie kiasi ulichoandikiwa. Fungua ujumbe wa muamala utuambie ni shilingi ngapi ziliingia kwenye simu yako siku ile.

[20:26] Hamisi: Shikamooni wakubwa zangu. Niliomba 100,000 kwa ajili ya kufufua injini ya pikipiki, kwa kuwa fundi alitaka 95,000. Zikaingia 72,000. Nilidhani nyingine zinafuata, nikasubiri hadi jioni, kisha nilipoingia ndani ya programu nikakuta imeandikwa kwamba 28,000 ni ada ya huduma na uchakataji na imeshakatwa. Muda wa kurejesha ni siku 7, na ninachotakiwa kurejesha ni 100,000 kamili.

[20:31] Dada Salma: Hiyo ni riba ya asilimia 28. Ni kubwa, lakini hata benki hutoza 18 au 20, kwa hiyo tofauti si ya kutisha sana.

[20:40] Kaka Bakari: Salma, umeshika nusu ya hesabu. Hamisi hakuitumia laki moja hata kwa dakika moja. Alichokitumia ni 72,000, na juu ya hizo anadaiwa 28,000, ambayo ni karibu asilimia 39. Tena asilimia unazozitaja za benki ni za mwaka mzima, ilhali hizi ni za siku 7. Pale ofisini kwetu kwenye ushirika wa akiba huwa namwambia mwanachama agawe gharama kwa fedha iliyomfikia mkononi, kisha aulize ni kwa siku ngapi, na hapo ndipo mkopo unapovua nguo.

[20:44] Mama Nuru: Mimi sioni ajabu, kwani hata kwenye kikoba chetu nilipokopa 300,000 mwezi wa Ramadhani nilikatwa 6,000 ya fomu na mfuko wa jamii, nikapewa 294,000, na wala sikulia.

[20:53] Kaka Bakari: Mama Nuru, kukata mwanzoni peke yake si dhambi. Wewe ulijua kabla ya kusaini, makato yalikuwa asilimia 2, na ulipewa miezi. Huyu aliyajua makato baada ya fedha kuingia. Na liko lingine: ada ikishakatwa mwanzoni, hata angerejesha siku ya pili asingepunguziwa kitu, kwa hiyo anayewahi kulipa ndiye anayelipia siku chache kwa bei ileile.

[20:57] Dada Mwanaidi: Darasa zuri, lakini mchango bado haujafika hata mmoja.

[21:02] Binamu Juma: Hamisi, fundi alitaka 95,000 na wewe ulikuwa na 72,000. Pikipiki ilifufukaje?

[21:15] Hamisi: Nilikopa kwenye programu ya pili. Niliomba 35,000 zikaingia 24,500.

[21:16] Dada Mwanaidi: Subhanallah. Hilo hukuniambia.

[21:24] Kaka Bakari: Ndivyo shimo linavyochimbwa. Pengo alilolitengeneza wa kwanza kwa makato ndilo linalomlisha wa pili. Ili apate 95,000 kwa yule wa kwanza pekee, angelazimika kuomba karibu 132,000, na kiwango chake hakikumruhusu. Hamisi, je, uliongeza muda?

[21:33] Hamisi: Ndiyo, kwa ule wa kwanza, mara mbili. Kila mara nililipa 28,000 nikapewa siku 7 nyingine. Wa pili muda wake ni Ijumaa.

[21:36] Dada Salma: Kwa hiyo umelipa 56,000 na bado unadaiwa 100,000 ileile? Nimeingia kwenye duka la programu, na pale wameandika kwamba muda wa kulipa ni siku 91 hadi 180. Labda umesoma vibaya.

[21:45] Kaka Bakari: Hajasoma vibaya. Duka la Google haliruhusu mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60 au pungufu, kwa hiyo nje huandikwa siku 91 na ndani mtu hupewa 7. Hamisi, piga picha ya kurasa zote mbili leo, pamoja na ujumbe wa muamala, kwa sababu ndani ya programu maandishi hubadilika lakini ujumbe wa muamala unabaki.

[21:49] Binamu Juma: Kama hawana leseni, basi deni limekufa. Benki Kuu ilikwisha kutangaza.

[21:58] Kaka Bakari: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zisizo na leseni, hilo ni kweli. Lakini programu hubadili jina, hivyo kutokuwemo kwenye orodha ile hakuithibitishi. Tutafute jina la kampuni iliyo nyuma yake miongoni mwa wenye leseni. Na hata ikikosa leseni, sitathubutu kusema kwamba fedha iliyopokelewa haidaiwi. Kuhusu kutumiwa ujumbe sisi ambao hatukukopa, hilo ni la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na wenye ujumbe ule msiufute.

[22:01] Mama Nuru: Mimi nimeshaufuta.

[22:04] Binamu Juma: Na huo mchango, Dada, utatolewa hesabu, au utakwenda ulikokwenda wa mashine ya boti?

[22:06] Dada Mwanaidi: Juma, nilijua utafika huko. Risiti ya mashine ya boti alipewa marehemu, na wewe ulikuwepo.

[22:07] Binamu Juma: Nilikuwepo. Risiti sikuiona.

[22:19] Nuru: Babu yupo hapa nami, nimemsomea yote, naandika kama anavyosema. “Hamisi, uliingia kwenye deni bila kutuuliza, na hilo tutalizungumza ana kwa ana. Ulichokipokea ni amana ya watu, kirudishwe chote hadi shilingi ya mwisho. Lakini mtu asiniambie kwamba mjukuu wangu alikopa fedha ambayo haikumfikia. Na katika nyumba hii hakuna atakayelipia siku saba nyingine. Mashine ya boti isitajwe tena nikiwa hai.”

[22:20] Hamisi: Nimesikia, Babu. Nisamehe.

[22:34] Kaka Bakari: Kwa hesabu ya Babu, kwa yule wa kwanza amebakiza 16,000, na kwa wa pili 24,500, jumla 40,500. Tatizo ni kwamba programu haiijui hesabu hiyo. Tukilipa 16,000 kesho, itazipokea, itaandika kwamba bado 84,000, na kuanzia keshokutwa itaanza kuongeza faini, na simu zenu zitaendelea kuita. Tutakuwa na malalamiko yenye ushahidi, lakini hatutakuwa na utulivu.

[22:38] Dada Salma: Basi ni heri tulipe yote yaishe.

[22:39] Mama Nuru: Babu amesema.

[22:46] Dada Mwanaidi: Basi kila mmoja atume 5,000 badala ya 10,000, na Bakari ataandika malalamiko asubuhi. Zikibaki, tutajua.

[22:47] Kaka Bakari: Nitaandika, lakini sijasema tulipe kiasi gani.

[06:51] Shangazi Zaituni: Nimeamka sasa hivi. Nimekwisha kutuma 10,000 kwa ile namba iliyoniandikia kwamba mimi ni mdhamini. Je, ilikuwa ndiyo yenyewe?