Wakuu, mteja akiandika "put off" si amefuta safari?

Kiberenge: Wakuu, habarini. Nipo Arusha, kampuni ndogo ya utalii. Mteja kaandika "We have to put off the safari". "Put" ni weka, "off" ni zima, kama swichi. Nikajua imefutwa. Bosi kawa mbogo. Kosa langu liko wapi?

Mzee wa Fasta: Huna kosa. "Off" ni kitu kuisha tu: "switch off", taa imezimika, "call off", shughuli imefutwa. Bosi wako ndiye hajui.

Ticha Mstaafu: "Call off" ni kufuta, hapo sawa. "Put off" ni kuahirisha, na mara nyingi tarehe mpya hutajwa papo hapo kwenye sentensi. Kijana, tubandikie barua yote.

Binti Sayari: Mie kwenye usaili nilisema kifua mbele, "I run into problems every day", nikimaanisha nayakimbilia kuyatatua. Jopo likaangua kicheko. Kumbe nimejitangaza kuwa kila siku nakumbana na matatizo. Kazi nilikosa.

Kiberenge: Pole dada. Barua hii: "We have to put off the safari until August. I hope this doesn't put you off." Nikaona kasema "put off" mara mbili, basi hataki kabisa.

Ticha Mstaafu: "Until August" uliiruka? Ukiahirisha kitu, unakisogeza mbele: "put it off". Lakini jambo "likiku-put off" wewe mtu, linakuvunja moyo. Anasema, "natumai hili halitakuvunja moyo". Ulimjibu nini?

Kiberenge: Nilimjibu safari imefutwa na malipo ya awali hayarudi. Masharti yetu yako wazi, jamani! Angeandika "postpone" tungeelewana.

Mama Tausi: Kumbe umeshakaa na hela ya watu! Rudisha, mwanangu. Kiingereza usikisingizie.

Popo wa Usiku: Hii chai. Juzi kwenye uzi mwingine ulikuwa bodaboda Kahama.

Kiberenge: Mtu habadilishi kazi?

Popo wa Usiku: Ndani ya siku mbili? Tena umefika hadi Arusha. Chai ya tangawizi hii.

Mzee wa Fasta: Chai au si chai, Ticha, hizi tunazishikaje?

Ticha Mstaafu: Shika sentensi nzima. Na tia "it" uone: "put it off" hukaa katikati, "run into it" hukaa mwisho. Hiyo inakupa mahali pa kuiweka "it" tu, haikwambii maana yake. Hata "put off" ya mtu ina nyingine, kumpiga kalenda.

Kiberenge: Sawa. Nimeandika: "Sorry, we put you off until August."

Ticha Mstaafu: Hapo umekiri unampiga kalenda hadi Agosti. Usitume!

Kiberenge: Ticha, imeshaenda.